Kuuzisha parsele kwa WhatsApp: tangazo lenye mnunuzi anaweza kwenda kuhakikisha

Katika muji wa Bunia, sawa vile katika miji mingine ya mashariki mwa Kongo, parsele nyingi sasa zinauzishwa kwanza kwenye simu. Tangazo linaandikwa asubuhi kwenye kikundi cha WhatsApp, mchana limefika kwenye vikundi vingine, jioni liko Facebook. Mara nyingi linasema hivi: «Parsele ya kuuzisha, fasi ya muzuri, 20 kwa 25, karibu na gudroni, makaratasi yote iko, bei ya kusikilizana.»

Ndani ya mstari huo hakuna uongo wenye mtu anaweza kuonyesha kwa kidole. Lakini hakuna pia kitu kimoja chenye mnunuzi anaweza kwenda kuhakikisha. «Fasi ya muzuri» haina mlango wa kubisha hodi. «Makaratasi yote» haitaji karatasi hata moja. Mtu mwenye parsele ya halali anaandika sawasawa na yule mwenye anauzisha parsele ya ndugu yake aliyekimbia. Mnunuzi hawezi kuwatofautisha, basi anawaogopa wote wawili, ao anamwamini yule mwenye bei ya chini.

Kanuni ya kuandika tangazo la kweli ni moja: kila neno liwe na fasi ambako linaweza kuhakikishwa. Fasi hizo ni tatu tu. Ya kwanza ni ofisi ya ardhi, ambako kunapatikana kadastri na konservateri wa hati za ardhi. Ya pili ni parsele yenyewe, kwa kutumia mita ya kupimia. Ya tatu ni majirani na mkuu wa kartiye. Neno lisiloweza kuhakikishwa kwenye mojawapo ya fasi hizo linaweza kutolewa, na tangazo halitapoteza kitu.

Karatasi iitwe kwa jina lake

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka wa 1980, inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Raia hauzishi udongo wenyewe. Anauzisha haki ya kuutumia aliyopewa na Serikali, na nyumba kama ipo. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si ukubwa wala bei. Ni hili: mwenye kuuzisha ana haki gani, na inaonekana kwenye karatasi gani?

Karatasi zinazopatikana mikononi mwa watu wa muji ni za namna tatu, na uzito wake si sawa.

Ya juu ni sertifika, yaani hati ya usajili inayotolewa na konservateri. Kwa sheria, haki ya kutumia ardhi inathibitishwa na hati hiyo. Inatengenezwa mara mbili: moja inabaki katika kitabu cha ofisi, nyingine anapewa mwenye parsele. Ndiyo maana juu yake kunaandikwa volime na folio, yaani namba ya kitabu na ya ukurasa. Karatasi ya mkononi inaweza kuigwa, lakini ukurasa wa kitabu unabaki ofisini. Mnunuzi anaomba konservateri alinganishe hati na kitabu, na aangalie kama kuna hipoteki ya benki ao pingamizi iliyoandikwa humo.

Ya pili ni kontra ya lokasiyo. Hii Serikali inampa mtu kwanza, ili ajenge na kutengeneza parsele kabla ya kupata haki ya kudumu. Inapotolewa kama hatua ya kuelekea haki nyingine, muda wake hauwezi kupita miaka 3. Kontra ni karatasi ya kweli, lakini ina tarehe ya mwisho na ina masharti ya kujenga. Mtu anayeandika «kontra iko» bila kutaja tarehe ameficha jambo kubwa, hata kama hakukusudia. Kontra iliyoisha tangu miaka 4 na kontra ambayo imebakisha miaka 2 zinaitwa kwa jina moja, lakini mnunuzi hanunui kitu kimoja.

Ya tatu ni karatasi za kartiye na za kati ya watu: fishi ya parsele, atestasio ya mkuu wa kartiye, ao barua ya mauzo iliyotiwa saini mbele ya mashahidi. Hizi zinaonyesha nani aliuza kwa nani, na nani anajulikana na majirani. Zina faida, lakini hakuna hata moja inayochukua nafasi ya sertifika. Parsele nyingi za pembeni ya muji hazina kitu kingine zaidi ya hizo, na si kosa kuziuzisha. Kosa ni kuziita «dokima kompleti».

Tangazo la kweli linataja basi mambo manne: jina la karatasi, tarehe yake, namba ya kadastri, na jina la nani limeandikwa juu yake (la muuzaji mwenyewe, la marehemu baba yake, ao la mtu aliyemuuzia na ambaye hakubadilisha). Kwa parsele za muji, namba ya kadastri inaanza mara nyingi na herufi SU. Kwa namba hiyo mnunuzi anaweza kuuliza kadastri kama parsele ipo kwenye mupango, iko upande gani, na kama namba inalingana na fasi aliyoonyeshwa.

Kuandika namba si sawa na kuweka picha ya karatasi nzima. Picha inaonyesha saini, muhuri, volime, folio na majina yote. Mtu mubaya anapata humo kila kitu cha kutengenezea karatasi ya uongo na kuuzisha parsele ileile kwa mtu mwingine. Namba inatosha kwa tangazo. Karatasi yenyewe inaonyeshwa siku ya kutembelea parsele, na asili yake siku ya kwenda pamoja ofisini.

Vipimo: upande wa mbele haitoshi

«20 kwa 25» ni maneno ambayo watu wanasema kwa mazoea. Parsele iliyopimwa na kadastri ina borni kwenye kila pembe, na PV ya kupima na kuweka borni inaonyesha urefu wa kila upande. Baada ya miaka kumi, jirani amejenga ukuta, barabara imepanuliwa, borni moja imefunikwa na udongo. Karatasi inasema neno moja na ardhi inasema lingine.

Kabla ya kuandika tangazo, muuzaji anapima mwenyewe pande zote nne, si upande wa barabara tu. Mita ya mita 30 inatosha kwa pande, na watu wawili wanaimaliza kazi kwa nusu saa. Tuseme mbele ni mita 20, nyuma ni mita 17, na kutoka mbele kufika nyuma ni mita 25. Parsele hiyo si 500. Mbele na nyuma zikiwa sambamba, mtu anajumlisha 20 na 17, anagawanya kwa 2, anapata 18,5. Anazidisha kwa 25 na anapata karibu mita 462 za mraba. Tofauti ya mita 38 ni fasi ya jiko, choo na tanki ya maji. Mnunuzi akiigundua yeye mwenyewe siku ya kupima, ataanza kutilia mashaka hata yale yaliyo kweli.

Kuna kipimo kingine chenye wajenzi wanakijua vizuri: kuvuta kamba kutoka pembe moja hadi pembe ya kupinga. Kwenye parsele iliyonyooka ya 20 kwa 25, kamba zote mbili zinatoa mita 32 na sentimita 2 hivi. Kamba moja ikitoa 30 na nyingine 34, pembe zimepinda, na nyumba iliyochorwa kwa pembe nyoofu inaweza kukosa kuingia.

Kwenye mteremko kuna jambo la kuangalia. Kadastri inahesabu urefu wa bapa, sawa vile ardhi inaonekana kutoka juu. Mtu anayelaza mita juu ya mteremko anapata urefu zaidi. Mteremko ukipanda mita 5 kwa kila mita 25 za bapa, mita iliyolazwa itasoma karibu 25,5. Hapo hakuna mtu aliyeongeza wala kuiba. Ni namna mbili za kupima. Tangazo linaweza kusema tu: «Parsele ina mteremko, vipimo ni vya PV.»

Pini ya simu inasaidia kufikisha mtu kwenye parsele, lakini haiwezi kuonyesha mipaka. Simu ya kawaida inaweza kukosea mita kadhaa, na hizo zinatosha kuingia kwa jirani. Tena, pini ya parsele tupu isiyo na mlinzi ikitupwa hadharani, mtu mwingine anaweza kuleta wanunuzi wake pale wakati mwenyewe hayupo. Kwenye tangazo kunatosha kartiye, avenyu na fasi moja inayojulikana. Pini inatumwa kwa mtu aliyekubali siku na saa ya kuja.

Mbali gani, maji gani, picha ya lini

«Karibu na gudroni» ni karibu kwa nani? Muuzaji anaanza kwenye gudroni, anafuata njia ambayo watu wanapita kweli, na anaandika mita. Mita 350 kwa njia si sawa na mita 350 kwa kuruka sawa ndege. Kisha anasema kama gari inafika mpaka kwenye parsele ao inaishia njiani, sababu gari isipofika, mawe na mchanga vitabebwa kwa kichwa ao kwa pikipiki, na bei ya kujenga inapanda.

Kuhusu maji, maneno «maji iko» yanaweza kuwa na maana tatu: bomba ya REGIDESO imeingia ndani, bomba inapita kwenye avenyu, ao kuna chemchemi bondeni. Tangazo linachagua moja. Umeme ni vilevile: nguzo iko mita ngapi, na je, jirani wa karibu anapata kweli? Mnunuzi atahakikisha kwa kumuuliza jirani faktire yake ya mwezi uliopita.

Picha nazo zinaweza kudanganya bila kubadilishwa. Picha ya Januari, wakati wa jua, haionyeshi maji ya Oktoba. Kama mvua kubwa inapita ndani ya parsele ao inakula upande wa bonde, alama inaonekana: mstari wa matope kwenye ukuta wa jirani, mizizi ya miti iliyobaki wazi, mifuko ya mchanga iliyopangwa kwenye ukingo. Muuzaji wa kweli anapiga picha nne kutoka pembe nne, moja ya njia ya kuingia, na moja ya upande wenye shida, kisha anaandika mwezi wa kupigwa. Kama kuna ukuta ambao mtu aliandika kwa rangi kwamba parsele hiyo haiuzishwe, picha isikate ukuta huo. Maandishi hayo yanaonyesha kwamba mtu fulani katika familia ao katika ujirani anadai kitu, na mnunuzi atayaona siku ya kwanza.

Nani anauzisha, na nani mwingine anapashwa kukubali

Ubishi mwingi wa parsele hautoki kwenye mipaka. Unatoka kwa mtu ambaye hakuulizwa. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inataka mukubaliano wa bwana na bibi pamoja ili kuhamisha haki ya ardhi, hata kama ndoa yao ni ya kutenganisha mali. Kama parsele ni ya uriti, mtoto mmoja hawezi kuiuza peke yake. Warizi wengine watakuja na kesi. Na katika Ituri, ambako watu wengi walikimbia wakati wa vita ya 1999 hadi 2003, na tena tangu mwisho wa 2017, kuna parsele ambazo zimekaliwa ao kuuzishwa wakati wenyewe wako kambini ao ngambo ya ziwa Albert. Mwenye kurudi anarudi na karatasi yake.

Kwa hiyo mstari mmoja wa tangazo unasema wazi: «Mwenye kuuzisha ni mwenye jina kwenye kontra, bibi yake anajua na atatia saini.» Ao: «Ni parsele ya uriti, warizi ni 5, wote watakuwepo.» Kama ni komisioneri anayeandika, anajitaja kuwa komisioneri, na anasema nani atamlipa. Kama kuna kesi kwenye tribinali, inatajwa pia. Parsele yenye kesi inaweza kupata mnunuzi aliyekubali hatari hiyo kwa bei ya chini. Mnunuzi aliyefichwa kesi, yeye, atafungua kesi ya pili.

Barua ya mauzo kati ya watu wawili haimalizi kazi. Mpaka haki ihamishwe kwenye ofisi ya ardhi, kitabu kinaendelea kuonyesha jina la zamani, na hapo ndipo parsele moja inauzishwa mara mbili. Kwa sababu hiyo tangazo linasema mapema nani atalipa gharama za kuhamisha. Bila neno hilo, bei iliyoandikwa si bei ya kweli.

Mfano mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho

Chukua parsele ya kubuni, iliyotungwa kwa ajili ya maelezo haya tu. Mwalimu mmoja wa Bunia anataka kuuzisha parsele yake tupu. Tangazo lake la kwanza lilikuwa ule mstari wa juu: fasi ya muzuri, 20 kwa 25, karibu na gudroni, makaratasi yote. Anapochukua karatasi anaona ni kontra ya lokasiyo ya Machi 2025, kwa jina lake. Anapima na mtoto wake: mbele 20, nyuma 17, urefu 25. Anatembea kutoka gudroni: mita 600, na gari inaishia mita 80 kabla ya kufika. Borni tatu zinaonekana, ya nne hapana. Wakati wa mvua maji yanapita pembeni kushoto. Tangazo lake jipya ni hili:

«Tarehe 4 Februari 2026. Parsele tupu ya kuuzisha, Bunia, kartiye Kindia, mita 600 kutoka gudroni kwa njia ya kawaida. Gari inaishia mita 80 kabla. Mbele mita 20, nyuma mita 17, urefu mita 25, karibu mita 462 za mraba. Borni 3 zinaonekana. Ya nne tutaitafuta pamoja na kadastri. Karatasi: kontra ya lokasiyo ya Machi 2025, inaisha Machi 2028, kwa jina la muuzaji. Namba SU inatolewa kwa kila anayeiomba, aende kuuliza kadastri kabla ya kuja. Haina sertifika. Maji ya mvua yanapita upande wa kushoto, angalia picha ya 5. Bomba ya REGIDESO iko kwenye avenyu, haijaingia. Picha ni za Februari 2026. Bwana na bibi wote watatia saini. Hakuna kesi. Bei dola 9.000, inazungumzwa, gharama za kuhamisha ni za mnunuzi. Hakuna komisioneri. Pesa hailipwi kabla ya kupita ofisi ya ardhi. Tangazo hili linaisha tarehe 4 Machi.»

Tangazo hilo litaleta watu wachache kuliko lile la kwanza. Wenye kutafuta sertifika hawatapiga simu, na mwenye gari kubwa hatakuja. Lakini yule atakayekuja tayari anajua mteremko wa maji, upungufu wa nyuma na tarehe ya mwisho ya kontra. Hapo hakuna kitu cha kugundua ili kuangusha bei. Kinachobaki ni kuzungumza.

Tarehe mbili za ndani, ya kuandikwa na ya kuisha, zina kazi yake. Tangazo linapotumwa kutoka kikundi kimoja hadi kingine kwenye WhatsApp, siku ya kwanza ya kuandikwa na namba ya mwandishi vinapotea. Mtu anaweza kulipokea miezi sita kisha parsele kuuzishwa, ao kulikuta na namba ya simu ya mtu mwingine na bei nyingine. Kwa hiyo tarehe, bei na simu vinaandikwa ndani ya maneno yenyewe, na siku mnunuzi anapotoa pesa ya kwanza, muuzaji anatuma kwenye vikundi vilevile: «Ile parsele ya Kindia ya tarehe 4 Februari imepata mtu.»

Tangazo, hata likiandikwa vizuri, halithibitishi haki ya mtu. Kitabu cha konservateri ndicho kinaithibitisha, na majirani ndio wanajua nani aliishi pale kabla ya vita. Tangazo la kweli linamwambia tu mnunuzi aende kuuliza wapi, na linampa namba, vipimo na tarehe za kuulizia. Muuzaji akikataa kutoa namba ya kadastri, ao akitaka pesa ya «kuzuia parsele» mbele ya kwenda ofisini, mnunuzi hapo amepata jibu lake, na nauli ya pikipiki haijatumika.